Barua ya Kuomba Kushika Daftari la SACCOS

Barua za waanzilishi wa kampuni changa kwenda kwa SACCOS zinafanana mno. Ukurasa wa kwanza unasifia teknolojia, wa pili umejaa picha za skrini, wa tatu una neno "ushirikiano" mara saba bila kusema nani anatoa nini na nani anapokea nini. Mwenyekiti wa bodi, ambaye mara nyingi ni mwalimu au mtumishi wa halmashauri mwenye kazi zake nyingine, anaisoma hadi katikati, anaandika pembeni "Meneja, tuongee", na barua inaingia kwenye faili. Hakuna aliyeikataa, ila hakuna atakayeijibu.

Barua hiyo inashindwa kwa sababu inazungumzia programu ya simu, wakati bodi inafikiria daftari. SACCOS ni daftari: nani kaweka kiasi gani, nani anadaiwa kiasi gani. Anayekuja na programu anaomba kulishika daftari hilo, na swali la kwanza kichwani mwa kila mjumbe ni hili: siku salio la kwenye simu na salio la kwenye leja yasipolingana, tutaamini lipi?

Tuchukue chama cha mfano, SACCOS ya watumishi na wafanyabiashara katika mji wa wilaya hapa Tanzania. Kina wanachama 412. Kati yao 214 hukatwa kwenye mishahara, na 198 waliobaki ni watu wa sokoni na wastaafu wanaolipa wenyewe, kwa simu au dirishani. Kumbukumbu zake ziko kwenye leja za karatasi, na kando yake kuna faili la Excel ambalo mhasibu peke yake ndiye anajua kwa nini seli fulani zina rangi ya njano. Takwimu nitakazotumia ni za kubuni, ila hesabu zake unaweza kuzirudia kwa kalamu.

Iende kwa nani, na lini

Barua iandikwe kwa Mwenyekiti wa Bodi, ipitie kwa Meneja, na nakala iende kwa Mwenyekiti wa Kamati ya Usimamizi. Nakala hiyo ya tatu ndiyo wengi huisahau. Kamati ya Usimamizi huchaguliwa na wanachama kuiangalia bodi yenyewe, na ikisikia habari za mfumo mpya kwenye mkutano mkuu kama mgeni mwalikwa, itauliza maswali ambayo bodi haitakuwa na majibu yake. Ikiipata barua mapema, maswali hayohayo yatakuja kwako ukiwa na nafasi ya kuyajibu.

Meneja anaweza kukupenda sana, lakini hawezi kusaini. Mwenyekiti naye hasaini peke yake. Bodi inakaa, jambo linaandikwa kwenye muhtasari, na pesa ya kulipia lazima iwemo kwenye makisio ya mapato na matumizi yaliyopitishwa na wanachama. Vyama vingi hufunga hesabu zao 31 Desemba, kwa hiyo barua ikifika Agosti au Septemba inakuta makisio ya mwaka ujao bado yanaandaliwa. Ikifika Februari inakuta kifungu cha fedha hakipo, na hata bodi ikiridhika itakuambia usubiri. Waanzilishi wengi hudhani wamekataliwa, kumbe wamechelewa.

Kichwa cha habari kiseme jambo lenyewe: "YAH: OMBI LA KUTOA HUDUMA YA MFUMO WA KUMBUKUMBU ZA AKIBA NA MIKOPO YA WANACHAMA." Sentensi ya "Husika na kichwa cha habari hapo juu" unaweza kuiweka au kuiacha, wazee wameizoea na haimdhuru mtu. Neno la kuogopa ni "ushirikiano". Kwa mtu wa ushirika, neno hilo lina uzito. Atataka kujua kama unaomba hisa, unaomba wanachama wake, au unaomba kukopesha kupitia mgongo wa chama. Kama unauza huduma kwa malipo ya mwezi, sema unauza huduma. Kama ushirikiano upo kweli, kwa mfano chama kitakusaidia kuujaribu mfumo na wewe utakipunguzia bei kwa miaka miwili, andika hivyo hivyo kwa namba.

Aya ya kwanza inaweza kuwa hivi:

> Ndugu Mwenyekiti, kampuni yetu inatengeneza mfumo wa kuandikia michango, akiba na mikopo ya wanachama, ambao mwanachama anaweza kuusoma kwenye simu yake. Tunaomba kuipatia SACCOS yenu huduma hii kwa mkataba wa mwaka mmoja, ukitanguliwa na miezi mitatu ya majaribio ambayo leja zenu zitaendelea kuandikwa kama kawaida. Fedha za wanachama hazitapita mikononi mwetu wakati wowote. Zitaingia kwenye akaunti ya chama kama zinavyoingia sasa. Sisi tutapokea taarifa za miamala na kuiandika kwenye kumbukumbu za kila mwanachama.

Sentensi tatu za mwisho zina kazi kubwa kuliko zilizotangulia. Mwanzilishi akikusanya michango kwenye akaunti yake kisha akaipeleka kwenye chama jioni, tayari ameingia kwenye biashara ya malipo, na Sheria ya Mifumo ya Malipo ya Taifa ya mwaka 2015 inaiweka biashara hiyo chini ya leseni ya Benki Kuu. Hata ukiiweka sheria kando, hakuna bodi yenye akili timamu itakayokubali akiba za wanachama zilale usiku mmoja kwenye akaunti ya kampuni ambayo hisa zake zote ziko kwa vijana wawili. Lipa namba iwe ya chama, akaunti ya benki iwe ya chama, na wanaoidhinisha kutoa fedha wawe walewale waliopo kwenye fomu ya benki.

Siku hundi ya mwajiri inapopungua

Hapa ndipo barua inapaswa kutumia nafasi yake. Badala ya kusema mfumo "unasimamia michango kwa urahisi", chukua tukio moja ambalo mhasibu hulipata kila mwezi na uonyeshe litaandikwaje.

Kila mwezi chama hupeleka kwa mwajiri orodha ya makato kabla mishahara haijafungwa. Tuseme orodha ya watu 214 inadai jumla ya shilingi 18,640,000. Mwisho wa mwezi benki inaonyesha zimeingia 18,215,000. Pungufu ni 425,000. Mwajiri naye, akiombwa, anatoa orodha ya walichokatwa watu kweli, na ukizilinganisha mstari kwa mstari unakuta watatu. Wa kwanza amehamishiwa wilaya nyingine na jina lake limetoka kwenye orodha ya mishahara ya pale. Marejesho yake 180,000 na akiba 50,000 hazikukatwa, jumla 230,000. Wa pili ana mkopo wa benki ulioanza mwezi huu, na kwa kuwa mtumishi anatakiwa abaki na angalau theluthi moja ya mshahara, kati ya 265,000 zilizotakiwa zimekatwa 120,000 tu, pungufu 145,000. Wa tatu yuko likizo bila malipo, akiba yake 50,000 haikuja. Jumlisha 230,000, 145,000 na 50,000: ndiyo 425,000 ile.

Mfumo mbovu hufanya nini? Unachukua orodha iliyopelekwa kwa mwajiri na kuiandika yote kana kwamba imelipwa, kwa sababu ndiyo faili lililopo tayari. Watu 214 wanapata ujumbe wa "Asante, mchango wako umepokelewa". Yule aliyehamishwa anaonekana amelipa mkopo wake mwezi wa kwanza, wa pili na wa tatu. Kwenye ripoti ya bodi hakuna mkopo uliochelewa hata mmoja, huku kwenye akaunti ya benki fedha zikizidi kupungua dhidi ya leja. Mkaguzi anapofika, kuchambua miezi tisa ya tofauti za namna hiyo ni kazi ya wiki nzima, na wadhamini wa yule mtumishi wanaanza kudaiwa deni ambalo simu zao ziliwaambia linalipwa vizuri.

Kwa hiyo barua iseme wazi utaratibu ambao mfumo utaufuata. Fedha ikiingia benki kwa mkupuo, inaandikwa kwanza kwenye akaunti ya muda. Haigawiwi kwa mwanachama yeyote mpaka mhasibu apakie orodha ya makato halisi kutoka kwa mwajiri, na jumla ya orodha hiyo ilingane na kilichoingia benki hadi shilingi ya mwisho. Isipolingana, mfumo unakataa kugawa na unaonyesha tofauti. Ikilingana, ugawaji unafanyika, na wale watatu wanabaki kwenye karatasi moja ya mapungufu ambayo meneja anaichapisha siku hiyohiyo.

Mwajiri akichelewesha orodha ya makato halisi, na huchelewesha, fedha itakaa kwenye akaunti ya muda siku kadhaa na wanachama watalalamika kwamba salio halijapanda. Wengine wangependa kugawa kwa makadirio halafu warekebishe. Kwa maoni yangu afadhali malalamiko. Lakini mwanachama aambiwe ukweli kwenye simu yake: "Makato ya mwezi huu yamepokelewa kutoka kwa mwajiri, yanasubiri mgawanyo." Ujumbe huo unapunguza foleni dirishani.

Zile 120,000 zinakwenda wapi

Turudi kwa yule wa pili, aliyekatwa 120,000 badala ya 265,000. Kwenye kikao cha kuonyesha mfumo, mtumie yeye, kwa sababu kwake ndipo inapoonekana kama mwanzilishi anaijua kazi au amenakili programu ya kwingine.

Mkopo wake umebaki na salio la 2,400,000. Riba ya chama ni asilimia 18 kwa mwaka kwa salio linalopungua, yaani asilimia 1.5 kwa mwezi, kwa hiyo riba ya mwezi huu ni 36,000. Rejesho lake la mwezi ni 205,000, ambamo 36,000 ni riba na 169,000 ni mkopo wenyewe. Akiba yake ya mwezi ni 60,000. Hizo ndizo 265,000.

Zimekuja 120,000. Kama sera ya mikopo ya chama inasema riba kwanza, kisha mkopo, kisha akiba, basi 36,000 zinakwenda kwenye riba, 84,000 zinapunguza mkopo, na akiba haipati kitu. Salio jipya ni 2,316,000, na riba ya mwezi ujao ni 34,740. Amechelewa 85,000 kwenye mkopo na 60,000 kwenye akiba.

Sasa mfumo ambao haujui mpangilio huo huzitoa zote 120,000 kwenye salio. Unapata 2,280,000 na riba ya mwezi ujao 34,200. Tofauti ya shilingi 540 kwenye riba inaonekana ndogo, lakini shilingi 36,000 za mapato ya chama zimepotea kwenye vitabu, na mwanachama ameona kwenye simu salio ambalo mhasibu atakuja kulipandisha baadaye. Mwanachama akiona deni lake limepanda bila yeye kukopa, haendi kuuliza kanuni ya hesabu. Anaenda kusimulia kwenye kijiwe cha chai kwamba SACCOS inaiba.

Kuna vyama ambavyo akiba hutangulia mkopo, na vingine hugawa sawia. Vingine vina mkopo wa dharura unaotozwa riba ya moja kwa moja, yaani riba inapigwa kwenye kiasi chote kilichokopwa tangu mwanzo, huku mkopo wa maendeleo ukitozwa kwa salio linalopungua. Kwa sababu hiyo barua iombe nakala ya sera ya mikopo kabla ya kuahidi chochote:

> Ili tuandae mfumo kulingana na taratibu zenu, tunaomba nakala ya sera ya mikopo, sera ya akiba, na mfano wa leja za wanachama watatu zilizofichwa majina: mmoja asiye na mkopo, mmoja anayelipa vizuri, na mmoja aliyewahi kuchelewa kisha akalipa. Tutaziingiza kwenye mfumo na kuwaletea matokeo. Kama salio letu litatofautiana na lenu hata kwa shilingi moja, tutaeleza tofauti imetoka wapi kabla ya kuendelea.

Huyo wa tatu, aliyechelewa kisha akalipa, ndiye mtihani wenyewe. Leja ya mtu asiyewahi kuchelewa, programu yoyote itaipatia.

Wanaolipa kwa simu

Kwa wale 198, tatizo si hesabu, ni utambulisho. Mama wa sokoni anamtuma mwanawe alipe. Fedha inatoka kwenye namba ya mtoto. Mstaafu ana laini mbili na hakumbuki ipi aliisajili. Mfumo unaomtambua mwanachama kwa namba ya simu iliyotuma fedha utaweka michango mahali pasipostahili tangu wiki ya kwanza. Tumia namba ya uanachama kama kumbukumbu namba ya malipo, na iongezwe tarakimu moja ya ukaguzi mwishoni ili anayekosea tarakimu moja akataliwe palepale, asije akamchangia jirani.

Kosa la pili ni mchango mmoja kuandikwa mara mbili. Taarifa ya malipo kutoka mtandao wa simu inaweza kutumwa tena pale mfumo wako ulipochelewa kujibu mara ya kwanza. Dawa yake ni kwamba namba ya muamala, ile iliyo kwenye ujumbe wa uthibitisho, ikishaingia mara moja isikubaliwe tena, na katazo hilo liwe kwenye hifadhidata yenyewe, si kwenye skrini tu. Sentensi moja kwenye barua inatosha. Mhasibu aliyewahi kurudisha michango iliyoingia mara mbili ataielewa bila maelezo.

Usiahidi kwamba kila mwanachama atapakua programu. Wengi wa wastaafu na wauza mboga wana viswaswadu. Wape menyu ya nyota na reli, au ujumbe mfupi wa salio kila mchango unapoingia, na kwenye barua sema ni kipi kati ya hivyo kipo leo na kipi bado kinatengenezwa.

Salio la kuanzia

Kazi ngumu kuliko zote haimo ndani ya programu. Ni kuhamisha salio la kila mwanachama kutoka kwenye leja. Na hapa barua nyingi hudanganya bila kukusudia: "Tutahamisha taarifa zenu ndani ya siku tatu."

Kuchapa mistari 412 ni siku mbili, kweli. Shida ni kwamba ukijumlisha akiba za leja 412, jumla mara nyingi hailingani na akiba za wanachama zinazoonekana kwenye mizania. Tuseme leja zinasema 486,310,000 na mizania inasema 487,950,000. Tofauti ni 1,640,000. Inaweza kuwa mwanachama aliyejitoa na leja yake ikafungwa bila vocha kuandikwa, au mwezi mmoja wa makato uliorukwa kwenye ukurasa. Kishawishi cha mwanzilishi mwenye haraka ni kufungua mwanachama wa bandia anayeitwa "Tofauti" na kumwekea 1,640,000 ili hesabu zikae sawa. Ukifanya hivyo, tofauti iliyokuwa ya chama imekuwa ya mfumo wako, na kila atakayekuja kukagua atasema ilianza siku ulipofika.

Andika badala yake kwamba salio litachukuliwa katika tarehe moja, 31 Desemba ikiwezekana, kwa sababu ndipo hesabu zinapofungwa kwa ajili ya ukaguzi. Tofauti yote itaorodheshwa na kukabidhiwa bodi kwa maandishi kabla mfumo haujawashwa, na bodi ndiyo itakayoamua itatafutwa vipi. Kisha kila mwanachama apewe karatasi yenye akiba yake, hisa zake, salio la mkopo, na watu aliowadhamini, aisaini au aandike anachopinga. Tenga wiki nne kwa zoezi hilo, sita kama wanachama wametawanyika vijijini. Wasiorudisha karatasi wawekewe alama kwenye mfumo kwamba salio lao halijathibitishwa, usiwasainie kimyakimya.

Halafu inakuja miezi mitatu ya kuandika pande zote mbili. Ni mzigo kwa mhasibu, na barua ikubali hivyo. Mwezi wa kwanza leja ya karatasi ndiyo yenye kauli ya mwisho. Mwezi wa pili vilevile. Mwezi wa tatu, kama urari wa pande zote mbili umelingana mara mbili mfululizo, bodi inaweza kuandika kwenye muhtasari kwamba kuanzia tarehe fulani mfumo ndio daftari rasmi. Hapo ndipo lile swali la mwanzo linapopata jibu, na jibu linatoka kwa bodi, halitoki kwa muuzaji.

Kuanzia siku hiyo kosa halifutwi. Mhasibu akiandika 500,000 badala ya 50,000, anaandika muamala wa kuurudisha ule wa kwanza, kisha anaandika ulio sahihi, na yote matatu yanabaki yakionekana pamoja na jina la aliyeandika na saa. Wakaguzi, wawe wa COASCO, shirika la umma la kukagua vyama vya ushirika, au wa kampuni binafsi, wanataka kuiona njia hiyo. Mfumo unaoruhusu namba ibadilishwe bila alama utawapa sababu ya kuandika hoja ya ukaguzi.

Bei

Usitoze asilimia ya michango. Mwanzilishi huona asilimia moja ni ndogo, lakini angalia inachukuliwa kutoka wapi. Akiba ni deni la chama kwa mwanachama, na sehemu kubwa ya rejesho ni mkopo unaorudi. Mapato ya chama ni riba, ada na faini. Ukichukua asilimia moja ya zile 18,215,000, yaani 182,150 kwa mwezi, unakitoza chama kwenye fedha ambazo si mapato yake, na mwezi ambao wanachama wameweka akiba nyingi ndio utakaokuwa ghali zaidi.

Bei kwa mwanachama hai kwa mwezi inaeleweka mezani. Kwa shilingi 500, wanachama 412 ni 206,000 kwa mwezi na 2,472,000 kwa mwaka. Ujumbe mfupi utenganishwe: tukikadiria shilingi 25 kwa ujumbe na jumbe mbili kwa kila mtu kila mwezi, ni 20,600 kwa mwezi, 247,200 kwa mwaka. Jumla 2,719,200. Hiyo ndiyo namba ambayo meneja ataiingiza kwenye makisio, kwa hiyo iandike wewe mwenyewe, pamoja na kodi kama ipo. Taja pia nani anabeba makato ya mtandao wa simu pale mwanachama anapolipa, maana mwanachama aliyetuma 20,000 anataka aone 20,000.

Majaribio ya bure hayana ubaya, ila bodi itahofia kilicho nyuma yake. Waambie bei ya mwezi wa nne kwenye barua hiyohiyo ya kuomba majaribio.

Taarifa za watu, na siku ya kuachana

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, Na. 11 ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inatenganisha mkusanyaji na mchakataji wa taarifa. Chama ndicho mkusanyaji, kampuni yako ni mchakataji, na usajili kwenye Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi unawahusu wote wawili. Ambatisha cheti chako. Kama huna, omba kwanza usajili ndipo uandike barua. Ongeza kwamba taarifa za wanachama hazitauzwa wala kutumika kuwatangazia mikopo ya watu wengine; wajumbe wengi wamewahi kusumbuliwa na meseji za mikopo ya mitandaoni, na wataitafuta sentensi hiyo.

Tume ya Maendeleo ya Ushirika ina mfumo wake wa kusimamia vyama vya ushirika, MUVU. Usiahidi kwamba utaunganishwa nao kama huna makubaliano hayo mkononi. Ahidi unachoweza: kwamba ripoti za mfumo wako zitatoa namba ambazo mhasibu anazihitaji kwa taarifa zake, bila kuzikokotoa upya.

Aya ya mwisho ya barua iseme namna ya kuachana. Waanzilishi huikwepa wakidhani inaleta mkosi. Bodi inaijua kampuni changa: inaweza kufungwa, kununuliwa, au mwenye kuijua programu akapata kazi kwingine.

> Kila mwisho wa mwezi tutawakabidhi nakala kamili ya kumbukumbu zenu katika mafaili yanayofunguka kwa Excel: wanachama, miamala yote, mikopo na ratiba zake, wadhamini, na urari. Mkataba ukivunjika kwa sababu yoyote, mtapata nakala ya mwisho ndani ya siku 14 bila malipo, na mfumo utaendelea kusomeka kwa siku 60.

Ile nakala ya kila mwezi ijaribiwe. Kwenye kikao, mwombe mhasibu achague mwanachama mmoja kutoka kwenye faili, ajumlishe miamala yake kwa mkono, aone kama inafika kwenye salio lililo kwenye simu.

Viambatisho visizidi vitano: cheti cha usajili wa kampuni, cha mlipakodi, cha Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, rasimu ya mkataba, na ukurasa mmoja wenye mfano wa yule aliyekatwa 120,000. Picha za skrini zibaki nyumbani. Peleka barua kwa mkono, nakala tatu: ya bodi, ya Kamati ya Usimamizi na yako, na hiyo yako igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Kisha muulize meneja bodi inakaa lini, na kama agenda zimeshafungwa.